Mabadiliko ya Mihadhara na Tathmini: Mofolojia ya Kiswahili, Mwaka wa Pili, Bewa la Kisumu

Kwa wanafunzi wote wa somo hili,

Mgomo umetuondolea wiki 5, yaani saa 15 kati ya 42 za muhula. Seneti imeongeza wiki 2, kwa hivyo tutaendelea hadi wiki ya 16, na bado saa 9 zinapelea. Tano kati yake tutazifidia kila Jumatano, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu jioni, wiki ya 10 hadi ya 14. Jumamosi nimeiepuka kwa kuwa wengi wenu ni Wasabato, na hatutapita saa kumi na moja na nusu kwa kuwa wanaorudi Ahero na Maseno wanahitaji matatu kabla ya giza.

Saa 4 zilizobaki hazitapatikana. Kwa sababu hiyo nimeondoa historia ya uainishaji wa ngeli (Bleek, Meinhof) na mofolojia ya maneno ya mkopo. Muhtasari wa mada hizo anao kiongozi wa darasa. Someni, lakini hazitatahiniwa. Ngeli kwa msingi wa upatanisho wa kisarufi zinabaki.

Unyambulishaji sitaugusa; utapata saa 9 kamili, maana hapo ndipo alama hupotea kila mwaka. Mtu hukata *pigia* kuwa pig-ia, akasahau kwamba -a ni kiishio: pig-i-a. Mwingine hushindwa kueleza *l* katika *nunulia*. Sauti hiyo ilikuwepo zamani, ikadondoka kati ya irabu katika *nunua*, ikasalia katika kauli ya kutendea. Kumbukeni pia kuwa -w- ya kutendwa hukaa karibu na kiishio, baada ya viambishi vingine vya unyambulishaji: pig-i-w-a, si pig-w-i-a.

Tathmini endelezi inabaki alama 30. Jaribio la kwanza mlilofanya wiki ya 4 lina 10, na matokeo yake hayabadiliki. Kazi ya kikundi ya kukusanya data soko la Kibuye imefutwa, kwa kuwa ilihitaji wiki 4 za nyanjani. Badala yake kila mmoja atachanganua vitenzi 20 kwa alama 10: gawa mofimu, taja kazi ya kila moja, eleza badiliko lolote la sauti. Leteni Jumatatu ya wiki ya 12. Nitarudisha wiki ya 13, ili makosa yarekebishwe kabla ya jaribio la pili (alama 10, dakika 50, Alhamisi ya wiki ya 14).

Mtihani wa mwisho ni alama 70: swali la kwanza ni la lazima (30), kisha mawili kati ya manne (20 kila moja).

Mahudhurio ya asilimia 75 yatahesabiwa kwa vipindi vya kawaida vilivyofanyika tu. Vya Jumatano havihesabiwi, ila mada zake zitatahiniwa. Ambaye Jumatano ana kipindi kingine anione kabla ya Ijumaa ya wiki ya 10, aje na ratiba yake.

Mhadhiri wa Mofolojia
Idara ya Kiswahili