Hoja za mazungumzo: kumpa msimamizi wa mapokezi daraja la "Chini ya Matarajio"

Kutoka: Ofisi ya Rasilimali Watu
Kwa: Meneja Uzalishaji
Kikao: Alhamisi, 22 Januari 2026, saa 8:30 mchana, chumba kidogo cha mikutano cha juu
Tathmini ya: Januari hadi Desemba 2025. Daraja: 2 kati ya 5

Muda huu umechaguliwa kwa sababu boti za asubuhi zitakuwa zimeshapakuliwa na zamu yake imeisha, kwa hiyo hatalazimika kurudi gatini mbele ya vijana wake akiwa na uso wa aliyetoka kusemwa. Tumekwepa Ijumaa ili kesho yake awe na mtu wa kumuuliza. Ofisi yako yenye kioo haifai hata kidogo, maana kila anayesukuma toroli la barafu anaona ndani.

Nitakaa nawe kama shahidi na mwandishi. Yeye ameshaambiwa kwa maandishi kuwa ni kikao cha tathmini, na kwamba akitaka aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akija naye, mpe mwakilishi kiti na umsalimie kama mgeni halali, kwa sababu ndivyo alivyo.

Dakika mbili za mwanzo

Msalimie kama siku zote. Yeye ni mkubwa kwako, na shikamoo yako isipungue leo wala isirefuke. Usimuulize habari za nyumbani, za shamba la Magu wala za mpira. Anayekujua kwa miaka sita ataona unazunguka, na kila dakika ya kuzunguka itamfanya ahisi ametegwa. Daraja litajwe kabla hajaegemea kiti:

"Mzee wangu, nimekuita tuzungumze tathmini ya mwaka 2025. Nitaanza na matokeo, kisha nikueleze sababu, kisha nikusikilize. Daraja lako mwaka huu ni la pili, yaani chini ya matarajio. Najua si habari njema, na sikuifikia kirahisi."

Hapo nyamaza. Ukimya utakuwa mzito na utatamani kuujaza na "lakini usijali" au "ni mfumo tu". Usiseme hata moja. Ya kwanza si kweli, kwani ana sababu ya kujali. Ya pili inamwambia kwamba hata wewe huamini ulichosaini.

Sababu, kwa mpangilio huu

Anza na jotoridi, ndilo kubwa kuliko yote.

"Mwaka jana mizigo 11 ya sangara ilipita mapokezi kwa saini yako ikiwa juu ya nyuzi 4, na maabara ndiyo iliyoikamata. Saba kati ya hiyo ni ya baada ya Julai. Fomu za jotoridi za siku 41 hazikujazwa au hazina saini."

Mpe karatasi ya tarehe hizo aishike mwenyewe. Usimsomee zote.

"Mizigo mitatu ilikuwa na sangara wa chini ya sentimita 50. Unajua sheria ya uvuvi inavyosema kuhusu hao, na unajua wakaguzi wakiwakuta kwetu haulizwi mvuvi wa Ukara, tunaulizwa sisi."

La tatu liseme kwa kifupi: ripoti ya wiki ya upungufu wa uzito ilichelewa mara kwa mara, na mhasibu alilipa mawakala wawili kwa uzito usio sahihi. Liishie hapo. Ukiongeza la nne na la tano ataona umekuja kummaliza, na yale mawili mazito yatapotea katikati.

Kisha sema hili, na ulimaanishe kwa sababu ni kweli:

"Hakuna hapa anayemjua samaki kwa shavu na jicho kama wewe. Vijana wanne waliopo gatini wamefundishwa na mkono wako. Hilo limeandikwa kwenye fomu, ukurasa wa pili. Daraja hili halipimi unachokijua, linapima kazi ilivyofanyika mwaka 2025."

Usiitaje sifa hii kabla ya daraja. Ikitangulia itasikika kama sukari ya kumezea dawa, na ni mtu anayestahili kuisikia ikiwa safi.

Atakayosema, na utakayojibu

*"Nimekaa hapa miaka 14. Leo ndiyo nimekuwa sifai?"* Huenda hili litakuja kwa sauti ya juu. Usishindane na sauti.

"Sijasema hufai. Nimesema kazi ya mwaka huu haikufika tulipokubaliana. Miaka 14 naiheshimu, na ndiyo maana nakwambia mwenyewe, ana kwa ana."

*"Mizigo ya Sengerema ilikuwa inakwama kivukoni. Barafu inayeyuka, mimi nifanyeje?"* Hii ni hoja ya haki, na umeshaizingatia. Mwambie hivyo waziwazi:

"Kweli kabisa kwa miezi ya mwanzo. Ndiyo maana mizigo minne ya kabla ya Julai sikuipa uzito kwenye tathmini. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena, na mizigo saba ni ya baada ya hapo. Na hata gari likichelewa, kazi ya mapokezi ni kupima na kuukataa mzigo. Hukupaswa kusaini."

Hapa ndipo mazungumzo yote yanapopimwa. Akiona umemkubalia lililo kweli, atakuwa na sababu ya kulisikia lililobaki.

*"Mbona msimamizi wa minofu hamumgusi? Kwa sababu ni mtu wenu?"* Usimtetee wala kumtaja mwenzake hata kwa neno moja.

"Tathmini ya mtu mwingine siwezi kuizungumza nawe, kama ambavyo yako siizungumzi na mwingine. Kama unaamini umebaguliwa, andika, na Rasilimali Watu watalipokea leo hii hii." Nitaitikia hapo, kwa hiyo usiongeze.

*"Hamkuwahi kuniambia."* Alishaambiwa. Unayo kumbukumbu za vikao vya Aprili, Agosti na Oktoba, na cha Agosti alikisaini. Ziweke mezani bila kuzipigapiga kidole: "Tulizungumza mara tatu. Hizi hapa. Kama kuna kilichoandikwa vibaya, nionyeshe."

*"Basi nifukuzeni!"* Huyu ni mtu wa hasira za ghafla na majuto ya haraka, na wote tunamjua. Usilipokee neno hilo kama kuacha kazi, wala usimjibu "ni uamuzi wako".

"Hakuna anayekufukuza. Neno hilo sijalitoa na sitalichukua kutoka kwako leo. Nataka urudi daraja la tatu."

*"Nitakwenda Tume."* Ni haki yake. Sema: "Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iko wazi kwa kila mfanyakazi, na kwenda huko hakutabadilisha tunavyokutendea hapa. Pia unaweza kukata rufaa ya ndani kwa Meneja Mkuu ndani ya siku saba." Usibadilishe uso wala sauti. Meneja anayeonekana kuogopa Tume huonekana ana cha kuficha.

Akihamia Kisukuma, kama afanyavyo akipanda hasira, mwache amalize, kisha mjibu kwa Kiswahili kwa utulivu. Mnaelewana ninyi wawili, lakini mimi ninayeandika sielewi yote, na sitaki nusu ya kikao ikose kwenye kumbukumbu.

Akileta jambo jipya

Linaweza kuwepo. Kuna fununu kwamba mkewe amekuwa akipelekwa Bugando mara kwa mara tangu Septemba. Wewe usilianzishe. Likitoka kinywani mwake, acha kalamu, mtazame, mpe pole kama mtu anavyompa mwenzake pole, na umuulize anahitaji nini: mabadiliko ya zamu, likizo, au mtu wa kumshikia gati siku za kliniki. Hayo tunaweza kuyapanga kuanzia wiki ijayo.

Daraja lenyewe lisibadilike mezani. Sema: "Hili sikulijua, na nashukuru umeniambia. Nitaliandika. Ukilitaja kwenye rufaa, litasomwa na mtu mwingine asiye mimi." Ukimpandisha daraja kwa sababu machozi yametoka, kesho hutaweza kumweleza aliyepata la pili bila kulia. Lakini ukiyapita machozi hayo kana kwamba hujayaona, utampoteza mtu huyu hata kama atabaki kazini.

Akisimama, akipiga meza, akitoka

Baki umekaa. Sema mara moja tu: "Tupumzike dakika kumi, maji yapo hapo, halafu turudi." Akitoka nje usimfuate gatini wala kumtuma mlinzi. Nitamfuata mimi hadi ngazini tu. Asiporudi, kikao kinaendelea kesho saa 3 asubuhi, na nitamtumia ujumbe mfupi wa kumkumbusha saa na chumba, bila neno jingine. Akitoa tishio la kumdhuru mtu, kikao kimeisha na suala linatoka mikononi mwako.

Fedha, useme wewe kabla hajauliza

"Kwa daraja hili hakuna bonasi ya mwaka 2025, na nyongeza ya mshahara ya Machi inasubiri hadi mpango wa kujirekebisha wa wiki 12 uishe. Mshahara wako na cheo chako havijaguswa."

Ana mtoto anayeanza kidato cha tano Julai. Habari hii itauma kuliko daraja. Iseme taratibu, na usiiombee radhi kwa maneno mengi.

Wiki 12 zijazo

"Kuanzia Jumatatu, tarehe 26 Januari, hadi tarehe 17 Aprili, tuna mambo matatu. Fomu ya jotoridi inajazwa kwa kila mzigo, bila kuruka. Hakuna mzigo wa zaidi ya nyuzi 4 unaopita kwa saini yako. Ripoti ya uzito inafika kila Jumamosi kabla ya saa 6 mchana. Mimi nitakutana nawe kila Alhamisi kwa nusu saa. Nimeagiza vipimajoto viwili vipya, kwa sababu ulilalamikia vya zamani Oktoba na ulikuwa sahihi. Wakala akikubishia mzigo uliokataliwa, nipigie, nitashuka mwenyewe."

Akiuliza baada ya hapo nini, mjibu ukweli wote: "Ukifika, nyongeza inarudi na jambo hili limefungwa. Usipofika, tutakaa tena, utasikilizwa ukiwa na mwakilishi wako, na hatua inayofuata inaweza kugusa ajira yako." Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka mfanyakazi aelekezwe, apewe muda wa kutosha wa kujirekebisha na asikilizwe kabla hajaachishwa kwa utendaji duni. Muda huu uwe wa kweli. Kama moyoni umeshaamua kumwondoa, niambie kabla ya Alhamisi, maana sitakaa kwenye kikao cha kumdanganya mtu.

Kufunga

"Saini hapa inaonyesha umepokea, haimaanishi umekubali. Nafasi ya maoni yako ni hii, unaweza kwenda nayo nyumbani na kuirudisha Jumatatu." Akikataa kusaini, usimbembeleze. Nitaandika "amesomewa, amekataa kusaini" na kuweka saini yangu.

Jioni hiyo vijana wa gatini watakuuliza mzee ana nini. Jibu ni moja kwa wote: "Tulikuwa na kikao cha kawaida." Ijumaa asubuhi shuka gatini mapema kabla ya boti ya kwanza, msalimie mbele yao kama ulivyomsalimia juzi, na umwachie yeye apokee mzigo.