Maelezo ya matamshi: salamu ya Neema kwa wazazi wa Minho, Busan

처음 뵙겠습니다. 저는 네에마입니다. 초대해 주셔서 감사합니다.
Cho-ŭm bwep-kket-ssŭm-ni-da. Jo-nŭn Ne-e-ma-im-ni-da. Cho-de-he ju-sho-so kam-sa-ham-ni-da.
(Nafurahi kukutana nanyi kwa mara ya kwanza. Mimi ni Neema. Asanteni kwa kunialika.)

Ŭ ndiyo itakayokusumbua. Tamka “u”, kisha tandaza midomo kama unayesema “i” bila kusogeza ulimi. Midomo ikibaki duara, utasikika ukisema “sumnida”.

Kwenye “bwep” funga midomo na uiache imefungwa. Ukiongeza irabu, “bwepu”, neno linaharibika. “Kk” na “ss” zikaze kooni, bila pumzi kutoka. Ila “cho” ya 초대 ina pumzi: weka kiganja mbele ya mdomo, uihisi.

Kiswahili kinatuzoesha kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo “-NI-da” hutoka yenyewe. Usiikazie, silabi zote ziwe sawa.

Sema kwanza, kisha inama. Mezani, kabla ya kula: 잘 먹겠습니다, “jal mok-kket-ssŭm-ni-da”. Subiri baba yake ashike kijiko kwanza.