Sultani mmoja, dini nyingi: jibu kwa Zuhura

Zuhura mwanangu,

Kengele ilitukatiza, basi nakujibu kwa maandishi. Uliuliza masultani wa Uthmaniya waliwatawalaje Wakristo na Mayahudi pasipo kuwasilimisha wote. Kitabu chenu kinaeleza kana kwamba tangu mwanzo kulikuwa na utaratibu mmoja kwa kila dini. Sura hiyo ni ya karne ya 19. Kabla ya hapo, sultani alipatana na kila jamii kivyake.

Mehmed wa Pili aliiteka Konstantinopoli Mei 1453. Januari 1454 alishamsimika Gennadios kuwa patriaki wa Waorthodoksi, mtawa aliyepinga vikali kanisa lao kuungana na Roma. Uteuzi huo ulikuwa wa mtu aliyejua siasa: mpinzani wa Papa hangeita majeshi ya Papa. Mapatriaki waliachiwa makanisa, mapadri na ndoa za waumini wao. Baadaye kila aliyeteuliwa alilipa fedha kwa serikali, na kiti kikawa kama cha mnada. Mayahudi waliofukuzwa Uhispania 1492 walipokewa na Bayezid wa Pili. Wengi walikaa Thesalonike, kila kundi na sinagogi lake lenye jina la kwao: Kastilia, Aragoni, Katalonia.

Kodi ya Wakristo na Mayahudi ilikuwa jizya, kwa wanaume wazima wenye uwezo. Aliyelipa alilindwa, lakini hakuwa sawa na Mwislamu: ushahidi wake dhidi ya Mwislamu kwa kawaida haukupokelewa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupakosa. Kadhi wa kule hakuwa kama wetu wa Kenya, anayeamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu tu. Mlango wake ulikuwa wazi kwa wote. Binti Mkristo aliyenyimwa urithi na kaka zake aliweza kwenda kwake akadai fungu lake kwa sharia. Mapadri na marabi walikemea sana, watu wakaendelea kwenda. Kwa hiyo kiongozi wa dini hakuwa na watu wake mkononi kabisa, na sultani alibaki ndiye mwenye neno la mwisho.

Usisahau devshirme, wavulana wa Kikristo waliochukuliwa Balkani, wakasilimishwa, wakafunzwa kuwa askari na watawala. Kwa wazazi ulikuwa msiba. Mmoja wa wavulana hao, Sokollu Mehmed Pasha, mzaliwa wa Bosnia, alikuwa waziri mkuu kuanzia 1565 hadi 1579. Alipokuwa bado waziri wa kawaida, mwaka 1557, kiti cha patriaki wa Waserbia huko Peć kilirudishwa.

Katika insha yako usiandike "uvumilivu" ukaishia hapo. Waliopata taabu kubwa zaidi karne ya 16 walikuwa Kizilbash, Waislamu walioshukiwa kumfuata Shah wa Uajemi. Mkristo alikuwa na patriaki wa kumsemea. Wao, kwa fatwa ya Ebussuud Efendi, mufti mkuu wa dola, waliruhusiwa kuuawa.

Mwalimu wako wa Historia