Shukrani kwa mazungumzo yetu ya Jumamosi, Raskazone

Shikamoo Bi Mwanaidi,

Natumaini Jumamosi ulifika nyumbani salama kabla mvua haijashuka. Mimi ni Bakari, yule kijana wa nyaraka za forodha uliyeketi naye meza ya dirishani kwenye mkutano wa wadau wa bandari, ukampa na kitumbua chako cha pili.

Nakushukuru sana, mama. Siku ile watu kadhaa waliniambia "nitumie wasifu wako" huku wakitazama mlangoni. Wewe uliweka kikombe chini, ukaniuliza swali la kazi: nifanye nini nikikuta namba ya kontena kwenye hati ya shehena hailingani na iliyoandikwa kwenye kontena lenyewe? Ukanisikiliza mpaka mwisho. Nilijibu kwamba siwasilishi tamko la forodha kwanza. Narudi kwa wakala wa meli arekebishe manifesti, kwa sababu forodha wanalinganisha tamko na manifesti, na kosa likishaingia kwenye mfumo kulitoa ni siku na gharama za mteja. Usiku nikakumbuka jambo nililolisahau. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho inapatikana kwa kukokotoa zote zilizotangulia. Kwa hiyo hata kabla ya kumpigia wakala, mara nyingi naweza kujua ni namba ipi iliyokosewa. Nimeona nikuambie, maana swali lako lilistahili jibu kamili.

Hadithi yako ya matishari nayo nimekaa nayo tangu siku hiyo. Marehemu baba alikuwa mchukuzi bandarini enzi hizo meli zikitia nanga huko nje na mizigo kuletwa nchi kavu kwa tishari. Alikuwa akisema mzigo ukiguswa mara mbili hupungua mara mbili. Wewe ulipotuonyesha gati la mita 450 na kutueleza kuwa lango la kuingilia meli limechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, nilimwona yeye. Natamani angeliona. Ndiyo maana nilikuambia sitaki kuhamia Dar kutafuta kazi. Kazi ninayoijua sasa imekuja hapa nyumbani, na ninataka kuifanya hapa.

Kuhusu ahadi yako ya kuniunganisha na yule meneja wa ajira wa kampuni ya usafirishaji wa mitambo: naipokea kwa mikono miwili. Najua kumtambulisha mtu ni kumwazima jina lako, na jina lako pale bandarini umelijenga kwa miaka mingi. Kwa hiyo naomba umweleze hali yangu kama ilivyo. Nina uzoefu wa makontena na mizigo ya kichele, ikiwemo ya kwenda nchi jirani kwa dhamana ya forodha. Mitambo mikubwa inayohitaji vibali maalumu vya barabarani sijawahi kuisimamia mwenyewe. Nimeandaa nyaraka zake mara mbili tu, chini ya mkubwa wangu. Hilo nisingependa alijue baadaye.

Ili nisikupe kazi ya kuandika, nimeweka maneno haya unayoweza kumtumia moja kwa moja, au kuyabadilisha upendavyo:

"Nakutambulisha kwa Bakari, karani wa nyaraka katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga kwa miaka 4. Ana cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki alichosomea Chuo cha Kodi, na anautumia mfumo wa TANCIS kila siku. Ni mwangalifu wa nyaraka na anaijua bandari yetu. Anatafuta nafasi ya ofisa nyaraka. Wasifu wake nimeuambatanisha."

Wasifu wenyewe nimeuweka kwenye baruapepe hii, kurasa 2. Mwajiri wangu wa sasa anajua kuwa natafuta, nami nimemwahidi kumpa notisi ya mwezi mmoja, kwa hiyo hakuna siri ya kuficha upande huo.

Sina haraka, mama. Ukiona wakati huu haufai, au yule bwana ana mambo mengi, nitaelewa na shukrani zangu ziko palepale. Akinipigia, nitakujulisha siku hiyohiyo tulichozungumza, iwe heri au la.

Na ile orodha ya ada za kuhifadhi mizigo uliyosema mjukuu wako anaihitaji kwa taarifa yake ya mafunzo kazini, nimeshaichapisha. Alhamisi nitakuwa Chumbageni baada ya saa kumi. Nitaipitisha kwako, nisalimie na nyumbani.

Mwanao,
Bakari