Ratiba ya tasnifu, kutoka 30 Oktoba kurudi nyuma

Dada mambo. Ile ratiba niliyokuahidi ndo hii, imekuwa ndefu lakini isome yote maana na we umo ndani. Leo ni Jumapili 3 Mei 2026 na dedlaini ni Ijumaa 30 Oktoba. Mwanzo nilipanga kama kila mtu, nikaanza na leo, nikasema mwezi huu sura ya pili mwezi ujao ya nne, inapendeza kweli kwenye karatasi, mpaka nikajiuliza hivi Dokta anasoma lini? Hakuna mahali. Yaani niliandika ratiba ya mtu asiye na msimamizi. Nikafuta, nikafungua kalenda ya Oktoba, nikaanza kurudi huku.

Alichosema mwenyewe tulipoongea: sura mpya anahitaji wiki mbili, sura aliyokwisha kuisoma ikirudi na marekebisho wiki moja, na hataki sura mbili mezani kwa pamoja. Kuanzia 3 Agosti hadi 14 Agosti anasafiri na hasomi kitu. Msimamizi wa pili yeye anasoma kazi nzima tu, basi. Kwa hiyo nilichokuwa nahesabu si siku zangu za kuandika, ni wiki za meza ya Dokta, mi naandika kwenye nafasi zinazobaki.

Twende.

26 hadi 30 Oktoba: hamna kazi. Nakabidhi Jumatatu 26. Siku nne zinazobaki ni za umeme kukatika, foleni ya ofisini, sahihi iliyosahaulika, mambo hayo.

19 hadi 23 Oktoba: kuprinti, kubaindi, sahihi za wasimamizi wote wawili kwenye ukurasa wa tamko. Kubaindi peke yake nimeambiwa siku tatu za kazi, na hapo ni kama fundi hana kazi za watu wengine, ambapo mwezi huo atakuwa nazo nyingi.

12 hadi 16 Oktoba: fomati. Pambizo, namba za kurasa (za kirumi mbele, za kawaida kuanzia sura ya kwanza), yaliyomo, orodha ya majedwali, viambatisho, ikisiri. Ripoti ya plejiarizimu naitoa Jumatatu 12 asubuhi, sio Ijumaa, maana ikija na asilimia mbaya nataka siku nne za kurekebisha. Na marejeo, kila jina lililo ndani ya sura liwe nyuma na kila lililo nyuma liwe ndani. Niliwahi kukuta kwenye proposali yangu marejeo saba ambayo sikuyataja popote, sijui hata yalifikaje.

5 hadi 9 Oktoba: kurekebisha komenti za kazi nzima. Wiki moja tu, najua ni kidogo, ila komenti za hatua hii zinatakiwa ziwe za kuunganisha, sio za kubomoa. Akibomoa hapa ujue mahali fulani huko nyuma tulidanganyana.

14 Septemba hadi 2 Oktoba: kazi nzima iko kwa wasimamizi wote wawili, wiki tatu. Sigusi maandishi kabisa, kwa sababu nikigusa ntakuwa na toleo langu na wao wana lao afu komenti ya ukurasa wa 61 haikai popote. Nitafanya viambatisho na shukrani.

7 hadi 11 Septemba: kuunganisha sura zote kuwa faili moja, naituma Ijumaa 11 jioni.

Maana yake kufikia Ijumaa 4 Septemba kila sura iwe imesomwa. Hapo ndo hesabu ilipoanza kuuma. Sura ya tano, mjadala na hitimisho, mwanzo iliangukia mezani 10 hadi 21 Agosti, bila hata kufikiri, vidole vikajaza tu. Nusu ya hizo wiki mbili Dokta yuko safarini! Ningekaa kuanzia mwisho wa Julai kuendelea naiandika taratibu kumbe msomaji hayupo. Kwa hiyo nimeivuta mbele ya safari yake, na Agosti imekaa hivi:

31 Agosti hadi 4 Septemba: sura ya pili iko mezani mara ya pili (ya pili kweli, ntakueleza chini). Mi narekebisha komenti za mwisho za sura ya tano.
24 hadi 28 Agosti: sura ya tano mezani mara ya pili. Mi narekebisha ya kwanza.
17 hadi 21 Agosti: sura ya kwanza mezani. Ni fupi na nusu ipo kwenye proposali, amekubali wiki moja.
10 hadi 14 Agosti: naandika sura ya kwanza. Ndio, ya kwanza naiandika mwisho, siwezi kutambulisha mgeni ambaye sijamuona.
3 hadi 7 Agosti: narekebisha sura ya tano.

20 hadi 31 Julai, wiki mbili, sura ya tano mezani mara ya kwanza. Nitakuwa nimeituma Ijumaa 17. Wiki ya kwanza namalizia komenti za sura ya nne, na wiki ya 27 hadi 31 awali ilikuwa tupu, niliandika "kupumzika", dada nicheke.

13 hadi 17 Julai: sura ya nne mezani mara ya pili, mi namalizia ya tano.
6 hadi 10 Julai: narekebisha ya nne.
22 Juni hadi 3 Julai: sura ya nne mezani mara ya kwanza, na hapo hapo naanza kuandika ya tano. Ni kweli najadili matokeo ambayo hayajakubaliwa, lakini nikisubiri komenti ndo nianze, napoteza wiki mbili nzima nimekaa natazama imeili.

Sura ya nne basi itoke mikononi mwangu Ijumaa 19 Juni. Mahojiano 22 yote yameshaandikwa neno kwa neno, ila kuyapangia mada bado, na nimefanya jaribio la mahojiano mawili yakanila siku mbili. Naipa wiki nne na sipunguzi. Kabla ya hapo sura ya pili naiandika wiki tatu, afu inasomwa wiki mbili, narekebisha wiki moja, inasomwa tena wiki moja. Sura ya tatu wiki moja kuibadilisha kutoka "nitafanya" kwenda "nilifanya" na wiki moja mezani. Nikarudi, nikarudi, kalamu ikasimama Jumatatu 20 Aprili. Yaani nilitakiwa kuanza wiki mbili zilizopita.

Nilikaa kimya kidogo hapo. Kitu cha kwanza kilichokuja kichwani, na najua hata wewe kingekujia, ni kupunguza wiki za kusomwa, kwamba Dokta akiombwa vizuri sura ya nne ataisoma kwa siku tano. Hapana. Hizo siku si zangu, siwezi kuzitoa sadaka. Kinachokatwa kiwe changu.

Nimekata hivi. Wiki ya kwanza nimeipata kwenye sura ya pili, naiandika wiki mbili badala ya tatu, ile sehemu ya historia ya dhana niliyokuwa naing'ang'ania inabaki aya mbili. Kurasa 30 zipo tayari kwenye proposali, tuseme ukweli. Wiki ya pili nimeipata kwa kutorekebisha sura ya pili mwezi wa Juni, nimeisukuma mpaka ile wiki ya "kupumzika" 27 hadi 31 Julai, na kusomwa mara ya pili ndo ikaenda 31 Agosti ambapo meza ilikuwa wazi. Na sura ya tatu inatangulia, ndiyo nyepesi, itampa Dokta kitu cha kusoma mapema kabla hajanisahau. Kwa hiyo mwezi huu na ujao umebaki hivi:

25 Mei hadi 19 Juni: naandika sura ya nne, wiki nne kamili. Sura ya pili iko mezani 25 Mei hadi 5 Juni.
11 hadi 22 Mei: naandika sura ya pili. Sura ya tatu mezani 11 hadi 15, komenti zake nazifanyia kazi Jumamosi mbili.
4 hadi 8 Mei: sura ya tatu. Hiyo ni kesho.

Umeona 8 hadi 19 Juni meza haina kitu? Hiyo nimeiacha makusudi. Dokta ni mtu mzuri lakini wiki mbili zake zinaweza kuwa tatu, na mwezi huo ana mitihani ya kusahihisha. Akichelewa na sura ya pili, anachelewa ndani ya hizo wiki na sura ya nne haisogei. Ikifika Jumanne baada ya Ijumaa aliyotakiwa kurudisha na kimya, namtumia ujumbe mfupi wa heshima, sio kulalamika, namkumbusha tu tarehe. Ratiba yenyewe namtumia kesho, lakini safi, bila maneno yangu haya, tarehe za meza yake tu, akiona Agosti imemheshimu atafurahi.

Mahali pabaya ni Julai. Hapana mwanya hata wa siku moja, sura ya nne ikichelewa wiki, ya tano inagonga safari. Nimeshaamua kabisa sasa hivi nikiwa na akili timamu: ikitokea hivo, sura ya nne inakosa kusomwa mara ya pili, itasomwa ndani ya kazi nzima Septemba, na mbele naweka ukurasa mmoja unaoonyesha kila komenti na nilichobadilisha. Afadhali niamue leo kuliko kuamua 9 Julai saa sita usiku.

Sasa wewe. Kila sura nataka uisome kabla haijaenda kwa Dokta, na mi nasoma zako. Siku mbili, Jumatano asubuhi unaipata, Ijumaa asubuhi unarudisha, naituma jioni. Za kwako hivi: 6 Mei sura ya tatu, 20 Mei ya pili, 17 Juni ya nne, 15 Julai ya tano, 12 Agosti ya kwanza. Usinisahihishie herufi, niambie tu wapi umepotea na wapi umesinzia. Kama mojawapo inagongana na sura yako niambie leo hii nisogeze, kesho ikishaenda kwa Dokta sitaki kuigusa.

Na nitumie tarehe yako ya kukabidhi. Uliniambia "mwezi wa kumi na moja hivi", dada, hiyo si tarehe.