Klipu za Watoto Kutoka Video ya Mahafali ya Darasa la Saba: Maswali ya Wazazi

Mzazi nitapata nini hasa?
Video nzima ina urefu wa saa 3 na dakika 20, karibu GB 12. Wewe utapata klipu mbili au tatu: mwanao akipokea cheti, na kikundi alichoshiriki, iwe ngoma, igizo au ngonjera. Ngonjera tunaitoa nzima. Beti za mtoto mmoja bila majibu ya mwenzake hazieleweki.

Mnamtambuaje mwanangu?
Kwenye vyeti ni rahisi, maana waliitwa kwa orodha na mwalimu wa darasa ameandika dakika ya kila jina. Kazi iko kwenye ngoma: watoto thelathini, kitenge kimoja, na hawatulii. Tutumie picha yake ya siku ile, utuambie alicheza upande gani wa jukwaa na alivaa nini cha kumtofautisha.

Nikikuta haonekani vizuri?
Kamera ilikuwa moja. Isitoshe, baadhi yetu wazazi tulisimama mbele na simu zetu tukawaziba waliokuwa nyuma. Kama hakuna kipande kizuri tutakwambia hivyo. Ukiletewa mtoto asiye wako, tujulishe, kisha ufute.

Kwa nini klipu inakuja kama faili?
WhatsApp hubana video ikitumwa kwa njia ya kawaida, na sura hufifia. Ikitumwa kama faili ubora unabaki, ila inakula bando: dakika moja ni kama MB 60. Mwenye bando dogo aseme, tutamtumia iliyobanwa.

Si mngeweka zote kwenye grupu?
Hapana. Hizi ni taarifa za watoto, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili si la kuchukulia kimazoea. Wapo wazazi waliokataa kwenye fomu watoto wao wasionyeshwe. Hao tumezifunika nyuso zao katika klipu za vikundi. Watoto wengine utawaona, kwa hiyo kabla ya kuweka klipu ya kikundi mtandaoni, waulize wazazi wenzio. Ya cheti imekatwa ili aonekane mwanao peke yake.

Baba na mama tunaishi mbalimbali. Nani anatumiwa?
Wote wawili, mradi namba zao zimo kwenye rejista ya shule. Shangazi, mjomba na bibi watapewa na ninyi.

Kuna malipo?
Hakuna, michango ya mahafali imeshalipia. Anayetaka video nzima aje ofisini na flashi ya GB 16. Tumeigawa sehemu nne, kwa sababu flashi nyingi ziko katika mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalozidi GB 4.

Mwisho wa kuomba ni lini?
Ijumaa ijayo, saa 10 jioni, kwa mwalimu wa TEHAMA. Klipu zitabaki kwenye kompyuta ya shule mwezi mmoja baada ya hapo, kisha zitafutwa.