Ratiba ya Marudio ya Wiki Sita: Kidato cha Nne, Masomo Saba

Mwanafunzi wa kutwa, mchepuo wa sanaa. Kuanzia Jumatatu 28 Septemba hadi Jumapili 8 Novemba 2026.

Tulipo na tunapokwenda

Mtihani wa majaribio: Hisabati F, Kiingereza D, Biolojia D, Jiografia C, Historia C, Uraia C, Kiswahili B. Pointi 24, Daraja la Tatu. Lengo ni Hisabati D, Kiingereza C, Biolojia C, Jiografia B, Historia B, Uraia C, Kiswahili A. Hizo ni pointi 18, yaani Daraja la Pili, ambalo huishia pointi 21. Akiba ni pointi tatu tu: ukipoteza nne, unabaki la Tatu.

Kutoka F kwenda D ni pointi moja, sawa na kutoka B kwenda A. Kwa hiyo Kiswahili kisiachwe eti "hicho nakijua".

Wiki ya kawaida

| Siku | Alfajiri 11:00–11:45 | Jioni 12:30–1:20 | Usiku 1:50–2:40 |
|---|---|---|---|
| Jumatatu | Hisabati | Biolojia | Kiswahili |
| Jumanne | Hisabati | Kiingereza | Historia |
| Jumatano | Hisabati | Jiografia | Uraia |
| Alhamisi | Hisabati | Biolojia | Kiingereza |
| Ijumaa | Hisabati | Jiografia | Kiswahili |

Jumamosi saa 2:00 hadi 5:00 asubuhi: mtihani mzima wa mwaka uliopita, saa mezani, daftari limefungwa. Saa 9:00 alasiri: kusahihisha. Jumapili ni mapumziko hadi saa 12:30 jioni, kisha Historia kipindi kimoja.

Hisabati iko alfajiri kwa sababu usiku, kichwa kikichoka, mtu hunakili hatua za mfano na kudhani ameelewa. Funika jibu, fanya maswali matano, ndipo ufunue. Umeme ukikatika usiku, kipindi kihamie Jumapili mchana. Usikisogeze kesho yake, maana kitasukuma vingine vyote.

Wiki ya 1 na ya 2: mada zenye maksi za karibu

Hisabati: seti, takwimu, uwezekano, leja na urari, matriki za 2 kwa 2. Mada za duara na dunia kama tufe ziache kwanza.

Jiografia: ramani tu. Kosa linalojirudia ni ukuzaji wa wima kwenye mchoro wa sehemu mtambuka. Skeli ya ramani ikiwa 1:50,000 na ya wima sentimita 1 kwa mita 20, geuza mita ziwe sentimita kwanza: 1:2,000. Kisha 50,000 ÷ 2,000 = mara 25. Asiyegeuza hugawa kwa 20 na kupata 2,500, jibu ambalo lingepaswa kumshtua.

Kiswahili: uchambuzi wa sentensi na uundaji wa maneno. Uraia: katiba na haki za binadamu.

Jumamosi: Hisabati (3 Oktoba), Biolojia (10 Oktoba).

Wiki ya 3 na ya 4: kuandika

Biolojia, Historia, Jiografia na Uraia hujibiwa kwa Kiingereza, hivyo kipindi cha Kiingereza cha Alhamisi kitumike kusahihisha insha ya Historia ya Jumanne: nyakati za vitenzi, na kila aya hoja moja. Anza na vita vya Maji Maji (1905–1907), kisha Azimio la Arusha (1967). Hoja bila mfano hupata maksi pungufu.

Biolojia ya vitendo: vipimo vya chakula. Kwa sukari isiyopunguza, ukishachemsha na asidi ya haidrokloriki, tia sodiamu baikaboneti mpaka povu liishe, ndipo uweke Benedikti na kuchemsha tena. Asidi ikibaki, rangi ya matofali haitokei na utaandika "hakuna sukari" wakati ipo. Muombe mwalimu maabara mara mbili. Kukariri jedwali la rangi hakutoshi.

Jumatano 14 Oktoba ni sikukuu ya Mwalimu Nyerere: Hisabati saa tatu asubuhi, mtihani wa pili. Jumamosi: Jiografia (17 Oktoba), Kiingereza (24 Oktoba).

Wiki ya 5: madeni

Fungua daftari la makosa ya Jumamosi zote. Vipindi vya Hisabati ni vya maswali uliyokosa mara mbili, pamoja na yale ya kuchora grafu na kutafuta faida kubwa zaidi. Kiswahili: fasihi, kila swali kwa kazi mbili, na hoja zilizoandikwa, siyo kuwazwa. Jumamosi 31 Oktoba: Historia. Jumapili jioni, badala ya Historia, nusu ya mtihani wa Uraia.

Wiki ya 6: kupunguza

Kipindi cha usiku kinafutwa; kulala ni saa 3:30. Hakuna mada mpya wala mtihani wa Jumamosi. Alfajiri maswali matano ya Hisabati, jioni kurasa mbili za muhtasari kwa mpangilio uleule wa masomo. Ijumaa 6 Novemba kagua kalamu mbili, penseli, rula na seti ya hisabati. Bikari iliyolegea ibadilishwe siku hiyo, maana kwenye chumba cha mtihani huazimi.